Sakafu ina mwanga wa kutosha, mbona nyuso ni giza kwenye TV?

"Ukumbi wetu hapa Tabora una taa zote juu ya uwanja wa voliboli. Kipimo sakafuni ni laksi 900. Kwenye TV nyuso ni nyeusi, na marudio ya polepole yanapepesa. Niongeze taa?"

Usiongeze kwanza, kaka. Kamera haitazami sakafu, inatazama mchezaji aliyesimama. Shika kipimio mita 1.5 kutoka chini, jicho lake likielekea kamera kuu, upime sehemu kadhaa. Huo ndio mwanga wa wima. Tuseme wastani wake ni 250: 900 ukigawa kwa 250 ni 3.6, wakati mwanga wa sakafuni haufai kuzidi mara mbili ya huo wa wima. Taa zinamwagia utosi tu, macho yanabaki kivulini.

Zihamishie safu mbili nje ya mistari ya pembeni, ziinamishe kuelekea katikati. Lakini usizilaze mno, maana mpokeaji akiinua macho kufuata mpira atakutana na mwako. Kabla ya kukaza boliti, simama wavuni utazame juu. Ukilazimika kufumba macho, rudisha.

Kupepesa ni suala jingine. Umeme wetu wa mizunguko 50 hufanya taa yenye draiva, yaani kifaa kinachoilisha umeme, ya bei rahisi ififie mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera ya picha 200 kwa sekunde inaona. Badilisha draiva, uchukue zinazonyoosha mkondo. Kugawa taa jirani kwenye fezi tatu husaidia, ila pale tu miale yao inapoangukia sehemu moja.