Jibu la otomatiki msimu wa sare

"Nauza sare za shule hapa Lubumbashi. Mwezi wa nane barua pepe zinanizidi na wateja wanakasirika. Niweke nini kwenye jibu la otomatiki la Gmail?"

Dada, kwanza pima muda. Fungua barua za wiki iliyopita, angalia zilizochelewa, si zile ulizojibu haraka. Kama nyingi zilipata jibu siku ya pili jioni, usiandike "saa 24". Mimi ningeandika hivi:

"Tumepokea barua yako. Tunajibu ndani ya siku 2 za kazi. Umeshalipa na unangoja mzigo? Piga depo: [namba]. Fakitire: [namba ya keshia]. Simu hupokewa 8h00 hadi 16h00, saa za Lubumbashi."

Hayo maneno ya mwisho yasikose, maana Kinshasa wako nyuma kwa saa moja.

Halafu, Gmail haimrudishii mtu yuleyule jibu hilo kila anapoandika. Kwa kawaida hungoja siku nne. Kwa hiyo usiweke bei wala saizi zilizobaki: kesho zimebadilika, naye bado anashika ujumbe wa zamani.

Keshia akubali kwanza kabla hujatoa namba yake. Ukipiga depo mwenyewe mchana na hakuna anayepokea, iondoe.