Kujibu Maswali ya Uhamiaji kwa Kihispania: Ushauri kwa Wafanyabiashara wa Korosho wa Mtwara

Ushauri huu ni kwa ndugu wa Mtwara, Newala na Masasi wanaojiandaa kwenda Madrid kwa mara ya kwanza kutafuta wanunuzi wa korosho zilizobanguliwa. Atakayepitia Doha au Istanbul atahojiwa na polisi wa Hispania katika uwanja wa ndege wa Barajas, Madrid, lakini atakayepitia Amsterdam atakaguliwa hukohuko, kwa kuwa ndiko anakoingilia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na Kihispania hakitahitajika hapo.

Matamshi yasikutishe. Irabu za Kihispania ni tano na husomwa kama zetu. Herufi ya h haitamkwi, j hukaribia kh ya Khamis, v husikika kama b, na kwa watu wa Madrid z, pamoja na c inayotangulia e au i, hutamkwa kama th ya thelathini.

Swali la kwanza huwa ni hili: «¿Cuál es el motivo de su viaje?», yaani sababu ya safari yako. Mwenye viza ya muda mfupi aliyealikwa kwenye maonyesho ajibu: «Vengo a una feria de alimentación. Vendo anacardos.» Maana yake ni kwamba amekuja kwenye maonyesho ya vyakula na kwamba anauza korosho. Asiseme «Vengo a trabajar», kwa sababu kauli hiyo humaanisha kwamba amekuja kuajiriwa, jambo ambalo viza yake haimruhusu, na hapo ataanza kuulizwa mkataba na kibali cha kazi. Barua ya mwaliko wa maonyesho iwe mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa chini ya ndege.

Swali la muda ndilo linalowakwamisha wengi, hata wenye Kihispania kizuri, kwa kuwa shida yake iko kwenye hesabu. Afisa huuliza «¿Cuántos días va a quedarse?», na msafiri hutazama tarehe za mwanzo na mwisho zilizoandikwa kwenye viza, kisha akazitaja hizo. Tarehe hizo huonyesha tu kipindi ambacho viza inaweza kutumika, na kwa kawaida huongezwa siku 15 ili kufidia safari ikisogezwa mbele. Siku unazoruhusiwa kukaa zimeandikwa mahali pengine kwenye viza hiyohiyo, penye maneno DURACIÓN DE LA ESTANCIA.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara ambaye viza yake inatumika kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 1 Mei, na pale penye muda wa kukaa pameandikwa 11. Anafika tarehe 6 na kuondoka tarehe 16. Ukitoa 6 kwenye 16 unapata 10, lakini siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo atakaa siku 11 kamili na hana hata siku moja ya ziada. Jibu lake liwe: «Once días, del seis al dieciséis de abril.» Neno once hutamkwa onthe. Kisha atoe tiketi ya kurudi na kusema: «Aquí tiene mi billete de vuelta.» Afisa akimwuliza kwa mkato «¿Quince días?», ambayo kwa Wahispania mara nyingi ni namna ya kusema wiki mbili, asiitikie kwa kichwa kama tunavyoitikia wakubwa kwa adabu, arudie once.

Swali la anwani huja hivi: «¿Dónde se va a alojar?» Sisi tumezoea kuelekezana kwa kusema Magomeni, nyuma ya msikiti, lakini kule hutakiwa jina la mtaa, namba ya jengo na mji. Kama hoteli iko mtaa wa Atocha namba 60, sema: «En un hotel, en la calle de Atocha, número sesenta, en Madrid.» Calle husomwa kaye. Chapisha karatasi ya hoteli yenye tarehe zilezile za tiketi, maana zikitofautiana afisa atarudi kwenye swali la muda.

Ukifikia kwa jamaa badala ya hotelini, karatasi ya hoteli haitakusaidia. Utaulizwa «carta de invitación», na barua hiyo haiandikwi tu na mwenyeji: yeye huiomba kwenye kituo cha polisi cha kule, kisha hukutumia nakala halisi kabla hujasafiri. Mwenyeji aanze mapema, maana polisi hawaitoi papo hapo.

Usiposikia swali vizuri, sema «¿Puede repetir más despacio, por favor?» ili afisa arudie polepole, kisha ujibu kile tu alichouliza.