Mashine ya vidole imezima? Andika 19:02, usiandike saa moja

*"Wakuu, mashine ya vidole kazini imezima tangu jana. Bosi kasema tuandike kwenye karatasi, halafu ikirudi tuingize yote kwenye sistimu. Naomba sampuli ya fomu, nani anatakiwa kusaini, na mashine inayosoma vidole vyenye maji inauzwaje hapa Mwanza?"*

Simama hapo hapo mkuu, usiingize kitu. Maneno ya bosi wako niliambiwa na mimi hivyo hivyo, nikaitikia "sawa bosi", yakatugharimu shilingi 864,000. Hesabu yake naikumbuka kuliko namba yangu ya NIDA.

Nilikuwa taimkipa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, huku huku kando ya ziwa. Shifti ya mchana 07:00 hadi 17:00, ya usiku 19:00 hadi 05:00, zote zina lisaa limoja la mapumziko, kwa hiyo mtu analipwa masaa 9. Jumanne mchana ikapiga radi, umeme ukayumba, kompyuta ikawa haiioni mashine. Akaja fundi, kaitazama dakika tano, kasema: "Hii imekufa, na data humo hamna kitu. Andikeni karatasi." Tukampa nauli na soda. Soda ile inaniuma mpaka leo.

Mashine haikufa. Kilichoungua ni swichi ya mtandao, kile kidude cha kuunganishia nyaya. Mashine ina kumbukumbu yake ndani, kompyuta isipoonekana yenyewe inaendelea kuhifadhi. Na watu kwa mazoea walikuwa bado wanapita wanaweka kidole, yenyewe inawashukuru kwa Kizungu chake kama kawaida. Hakuna aliyejiuliza maiti anashukuruje.

Sasa karatasi. Za mchana nilijaza mwenyewe. Za usiku alijaza mlinzi wa geti, mzee mwaminifu kabisa, hajamwandika mtu ambaye hakumwona. Akaandika kama mimi na wewe tunavyoongea: kaingia 1:00, katoka 11:00. Saa moja usiku, saa kumi na moja alfajiri. Kakosea nini? Hakukosea. Ila kijana wa field niliyempa kazi ya kuingiza akachapa alichokiona: 01:00 na 11:00, tarehe ile ile.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba jumla inakubali. Kuanzia 01:00 hadi 11:00 ni masaa 10, na kuanzia 19:00 hadi 05:00 ni masaa 10. Nilikagua jumla, nikaona safi, nikasaini. Wino wangu, mkono wangu.

Jumamosi swichi ikabadilishwa, mashine ikamwaga kila ilichokuwa imehifadhi. Sistimu yetu ilipangwa hivi: shifti ya usiku inachukua alama zote kuanzia 12:00 mchana hadi 12:00 mchana wa kesho yake, ya kwanza ni kuingia, ya mwisho ni kutoka. Tazama mfanyakazi namba 117, usiku wa Jumatano:

```
Jumatano  19:02  mashine
Alhamisi  01:00  karatasi
Alhamisi  05:01  mashine
Alhamisi  11:00  karatasi
```

Zile mbili za karatasi ni za Alhamisi usiku, zimerudi nyuma zikaingia kwenye shifti ya Jumatano. Kwa hiyo kaingia 19:02, katoka 11:00, karibu masaa 16. Toa lisaa la mapumziko yanabaki 15. Ya kawaida 9, ovataimu 6. Kwa mshahara wa 2,000 kwa lisaa, ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000, basi 18,000 za bure kwa usiku mmoja. Watu 12, usiku 4. Piga mwenyewe.

Na ningeikamata ndani ya dakika moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwisho ni masaa 12 kwa siku, ovataimu ikiwemo. Ningechuja tu waliozidi 12, wote 12 wa usiku wangejitokeza kama dagaa juani. Sikuchuja. Nilikuwa naamini "ikirudi itajipanga yenyewe", maneno ya meneja mmoja ambaye hajawahi kuigusa ile mashine hata kwa kidole chake, maana yeye hasaini.

Tuligundua baada ya malipo, msimamizi wa wakata minofu alipokuja kuuliza kwa nini vijana wake wamemzidi mshahara. Kurudisha sasa! Huwezi kumkata mtu deni kwenye mshahara bila yeye kukubali kwa maandishi. Saba walikubali, kidogo kidogo. Watano wakasema walijua ni bonasi. Mmoja wao alishanunua bati. Ningemfuata juu ya paa?

Kwa hiyo karatasi iandikwe kwa masaa ya mashine. 19:02. Siyo 1:00, siyo "saa moja usiku", siyo 7:02 halafu unakisia. Mpe anayeandika simu au saa ya ukutani inayoonyesha masaa 24, anakili namba anazoziona wakati mtu yupo mbele yake, na mwenye jina asaini hapo hapo akiingia na tena akitoka. Karatasi ikijazwa mwisho wa shifti kila mtu anakuwa kaingia 07:00 kamili, na hiyo ni hadithi. Kwanza linganisha simu hiyo na saa ya mashine, andika tofauti juu ya karatasi. Mashine ikionyesha mwaka 2000, betri ndogo ya ndani imekwisha, alama zake za siku hizo usizitegemee.

Ikirudi, kabla hujachapa hata mstari mmoja, toa kumbukumbu kwa flashi. Nyingi zinakupa faili linaloishia na `attlog.dat`, linafunguka kwenye Ekseli. Ziweke pande mbili kwa kila namba: mashine kushoto, karatasi kulia. Palipo na zote mbili, ya mashine inabaki na ya karatasi haiingii kabisa. Zikipishana zaidi ya dakika kumi, muulize mwenyewe na msimamizi wake. Pasipo na ya mashine, hapo tu ndipo unaingiza ya karatasi, na kwenye sababu unaandika "karatasi" pamoja na namba ya ukurasa. Alama ya mashine usiifute, hata ikikukera.

Usiku unaovuka siku, kutoa kwa kawaida kunakupa hasi. Kuingia kukiwa B2 na kutoka C2:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Ila fomula hii nayo itakupa 10 safi kwa 1:00 na 11:00, ndiyo maana nang'ang'ania karatasi.

Mzee wa getini sasa hivi hata tukipanga kwenda kula samaki Kirumba ananiambia tukutane 16:30. Wewe nenda kaweke kidole chako kwenye hiyo mashine, ukikaushe kwanza. Ikiitikia, fundi asiiguse mpaka flashi iwe mfukoni mwako.