Wastani wa nafasi tatu si nafasi ya mwaka

Swali: Mzazi amejumlisha nafasi za mwanawe kwa mihula mitatu, yaani 1, 1 na 2, akagawanya kwa tatu na kupata 1.3. Ripoti ya mwaka inasema mtoto ni wa 2. Nani amekosea?

Jibu: Mwalimu, huenda hakuna aliyekosea hesabu, kwa sababu kila mmoja amepima kitu tofauti. Tumwite mtoto huyo A, na aliyempita tumwite B. Muhula wa kwanza A alipata wastani wa alama 72 na B 71; wa pili A 70 na B 69; wa tatu A akashuka hadi 60, na B akapanda hadi 74. Kwa nafasi, A ana 1, 1 na 2, na B ana 2, 2 na 1, hivyo A anaongoza. Kwa alama, A ana jumla ya 202, sawa na wastani wa 67.3, na B ana 214, sawa na 71.3, hivyo B ndiye wa 1.

Nafasi husema nani yuko mbele ya nani, lakini haisemi kwa alama ngapi. A alimshinda B mara mbili kwa alama moja moja, kisha akashindwa kwa alama 14, na katika nafasi ushindi huo wote una uzito sawa. Hata angepata 73 muhula wa tatu, nafasi yake ya muhula huo bado ingekuwa 2.

Kinyume chake hutokea pale alama zinaposongamana. Tuseme muhula huo A alipata 70, B akapata 74, na wanafunzi wanane wakawa kati ya 71 na 73. A angekuwa wa 10, na wastani wa nafasi zake ungekuwa 4, ingawa alama zake zimepanda kutoka 60. Wastani huo hubadilika kwa sababu ya watu wengine, na ndiyo maana mimi sikubali utumike kupanga nafasi ya mwaka.

Kabla ya kumjibu mzazi, hakiki lahajedwali. Ikiwa wastani wa mwaka wa wanafunzi 40 uko safuwima ya E, andika kwenye F2:

```
=RANK(E2,$E$2:$E$41,0)
```

Alama za dola zikisahaulika, eneo la ulinganisho huteremka kila fomula inaponakiliwa chini, na walio juu huachwa nje. Utalitambua kosa hilo kwa kutazama mstari wa mwisho: mwanafunzi aliyepo hapo, hata awe na alama gani, atasomeka kuwa wa 1. Usikadirishe wastani kabla ya kupanga, kwa kuwa 67.3 na 66.8 zote zitakuwa 67, na watoto wawili watapewa nafasi moja ilhali hawalingani.