Mbwa haelewi "mvulana mzuri"

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia. Wamepewa mbwa aliyelelewa katika nyumba ya Kiingereza, na wao wana mtoto wa miezi sita. Mbwa akisifiwa "gudi boi" anatikisa mkia. Akiambiwa "mvulana mzuri" anawatazama tu. Msomaji anauliza kama Kiswahili hakifai kwa mbwa, na kama mtoto naye aimbiwe Kiingereza.

Kiswahili kinafaa. Kisichofaa ni tafsiri, maana hakuna Mswahili anayemwita mbwa mvulana.

Mwaka 2016 watafiti wa Budapest waliwapima ubongo mbwa 13 waliofunzwa kulala kimya ndani ya mashine. Walisikilizishwa maneno ya sifa ya Kihungari na maneno yasiyo na maana kwao, kwa sauti ya sifa na kwa sauti baridi. Sehemu ya ubongo inayopokea raha iliamka pale tu neno la sifa lilipokuja na sauti ya sifa. Kwa hiyo mbwa wa msomaji anaitambua sauti yenu, ila neno lenyewe bado hajafundishwa.

Basi chagueni neno moja. Wengi hukimbilia "safi", lakini nyumba ambayo kila anayeingia anaulizwa "mambo?" na kujibu "safi", mbwa atalisikia siku nzima bila kupata kitu, na litakufa. "Hodari" linaanza kama "hodi", na mbwa wengi wakisikia hodi hukimbilia mlangoni. Mimi napendekeza "shujaa": halipiti ovyo mazungumzoni, na mwisho wake unavutika, "shujaaa".

Kulihamisha ni kazi ya siku chache. Mwambie akae kwa amri anayoijua. Akikaa tu, sema "shujaa", nyamaza kama sekunde moja, sema "gudi boi", kisha mpe kipande cha nyama kidogo kama punje ya hindi. Rudia mara kumi, pumzika, rudia jioni. Mpangilio huo ndio kila kitu: neno jipya litangulie. Ukianza na la zamani, au ukiyasema yote kwa pamoja, mbwa hana sababu ya kulisikiliza jipya, kwa kuwa lile analolijua limeshampa habari yote. Utajua limeshika siku utakaposema "shujaa" naye akageuka kuutazama mkono wako kabla hujamaliza. Hapo acha la zamani.

Kukataza ndiko kunakowashinda watu. "Ruka" na "usiruke" kwa sikio la mbwa vinakaribiana mno, kwa sababu Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na zote mbili zinagonga "ru". Ile "usi" ya kukataza inapita chini chini. Unamkataza asiwarukie wageni, yeye anasikia neno lile lile analotuzwa kwalo uwanjani. Tumia "acha!", fupi, sauti ya chini, mara moja. Ukilirudia mara tano kwa sauti inayopanda, umemwalika kucheza.

Mtoto ni habari nyingine. Watafiti wa Australia walilinganisha mwaka 2002 jinsi akina mama wanavyosema na watoto, wanyama na watu wazima. Kwa mtoto na kwa mnyama sauti hupanda na kulainika vilevile, lakini irabu huvutwa na kutamkwa wazi kwa mtoto peke yake. Huyu anafundishwa lugha. Kwa hiyo usimharibie neno. Ukisema "madhiwa" badala ya "maziwa" kwa kumdekeza, ndilo atakalolisikia.

Wala hahitaji tafsiri kutoka Kiingereza kama "nani mtoto mwenye njaa". Kwetu mtoto huitwa baba au mama, au bibi akiwa amerithi jina la bibi yake: "Baba ana njaa? Njaa inamuuma nani? Haya, maziwa. Baba anataka maziwa? Maziwa haya." Mbwa anataka neno lisilobadilika; mtoto anataka neno lile lile likizungushwa ndani ya sentensi tofauti, na maziwa yenyewe yakionekana. Baada ya swali nyamaza sekunde mbili tatu. Akiguna au akirusha miguu, hilo ni jibu, mjibu. Wazazi wengi hujaza kimya hicho kwa maneno zaidi, na mtoto anakosa zamu yake.

Na asiyejua Kiingereza kwa raha asikilazimishe. Mtafiti Anne Fernald aliwasikilizisha watoto wa Marekani wa miezi mitano sifa na makatazo ya lugha mbalimbali. Walitofautisha hata Kijerumani na Kiitaliano, wasichokielewa hata neno, lakini Kijapani kiliwapita. Mtoto anaanza kwa kushika wimbo wa sauti, na wimbo huo hutoka vizuri katika lugha unayoizungumza bila kufikiri. Bibi wa Kikamba aseme Kikamba chake.