Mzee, wiki mbili hazitoshi

Swali la wiki: "Mteja anataka matokeo ya usiku mmoja. Wewe frilansa unamwambiaje ukweli?"

Mimi naandika, sipigi simu, maana kwenye simu mtu anasikia "haiwezekani" tu, mengine yote yanapita. Hii ni barua niliyompelekea mzee mmoja wa Entebbe anayepeleka wageni kuona gorila kwenye msitu wa Bwindi. Alitaka mtu akiandika `gorilla trekking uganda` kwenye Google yeye ndo atokee wa kwanza, ndani ya wiki mbili. Jina lake nimelitoa.

Mzee wangu, habari za huko na poleni na kazi. Nimesoma meseji yako nikaona bora nikueleze vizuri kuliko nikuitikie sawa sawa halafu tuje kukwepana. Kwa wiki mbili haiwezekani, na yule kijana anayekuahidi namba moja tafadhali usimpe pesa, Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Wengi wa hao wananunua linki kwenye masaiti ya ajabu ajabu, na Google wakikubamba wanaweza kukupa adhabu, utaiona kwenye Search Console, ile ripoti ya Google kuhusu websaiti yako, pale `Manual actions`, na kujitoa humo ni kazi kweli.

Sasa hali yako ilivyo. Nimefungua Search Console nikakuta peji zako nyingi zimeandikiwa `Crawled - currently not indexed`, maana yake Google wamekuja, wamesoma, wakaondoka bila kuziweka kwenye orodha yao, kwa hiyo mtu akitafuta hazitokei kabisa, hata peji ya kumi. Sababu hawaiandiki pale, ila nilichukua sentensi moja ya peji yako ya Bwindi nikaitafuta ikiwa ndani ya alama za kunukuu, zikaja kampuni kibao zina maneno yaleyale mpaka koma. Aliyekutengenezea websaiti alikopi. Google wakishakuwa na maneno hayo kwa wengine, ya kwako wayaweke ya nini?

Ndo maana kitu cha kwanza ninachokihitaji kwako ni kichwa chako, pesa baadaye. Wewe ile barabara umeiendesha miaka. Unajua mgeni anaweza kuwa na kibali cha kuona gorila upande wa Rushaga halafu amebuku loji Buhoma kwa sababu kwenye ramani yote ni Bwindi tu, kumbe moja iko kaskazini nyingine kusini, kuzunguka kwa gari ni masaa, na asubuhi mapema anatakiwa awe pale wanapokusanyika, akichelewa anaweza kuikosa siku yake na kibali chenyewe kwa mgeni wa nje ni dola 800. Hiyo ndo peji tutakayoandika kwanza, kibali cha sekta fulani ulale wapi, utoke saa ngapi, barabara ikoje mvua ikinyesha. Wanaotafuta hilo ni wachache kuliko wanaotafuta gorila kwa jumla, ila huyo mtu ameshaamua kuja, anatafuta gari na dereva anayejua njia.

Baada ya hapo mambo yanakuja kwa mpangilio, naomba usiruke hatua. Kwanza peji ziingie kwenye orodha, hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Halafu utaona `Impressions` inapanda, yaani unatokea kwa watu, hata kama hawakubonyezi. Hapo ndo wateja wengi wanakata tamaa, kwa sababu ukitoka nafasi ya 60 ukafika ya 25 umesogea sana lakini simu bado haiiti, watu wachache mno wanafika huko chini. Kliki zinakuja ukikaribia kumi za kwanza, halafu ndo meseji za WhatsApp. Na nitakuwa natoa kwenye hesabu wale waliotafuta jina la kampuni yako, hao walishakujua, nikiwahesabu nitakuwa nakudanganya. Yote haya ni ya miezi, na wageni wengi wa Juni mpaka Agosti wanapanga mapema, kwa hiyo kazi ya leo isipimwe kwa buking za mwezi huu.

Kama unataka magari yasikae saa hii, hiyo ni kazi ya matangazo ya kulipia, bajeti yake pembeni, unalipa kila anapobonyeza mtu na ukiacha kulipa yanazimika. Tunaweza kuyaendesha kwa nafasi ndogo huku peji zinajengwa.

Tufanye miezi mitatu. Kila mwisho wa mwezi nakutumia picha ya Search Console yenyewe, bila kupamba. Miezi mitatu ikiisha na `Impressions` iko palepale, usinilipe mwezi wa nne, tukae tuangalie kama tuendelee au uache. Akaunti zote ziko kwa imeili yako, kwa hiyo hata ukimchukua mtu mwingine huanzi upya. Ukikubali, nirekodie voisi ya safari ya Entebbe mpaka Rushaga, kituo kwa kituo, nianze kuandika.