Kabla hujachuja hiyo pasheni

Swali ninaloulizwa sana na watu wenye sukari, au wanaopunguza mwili, ni kama juisi ya nyumbani inahesabika kuwa ni tunda. Huku Mbeya juisi yenyewe mara nyingi ni ya pasheni, basi tuipigie hesabu hiyo hiyo.

Jagi la lita moja linahitaji kama pasheni kumi za zambarau, zile ndogo zilizokunjamana ganda. Nyama yake yote pamoja na mbegu haifiki robo kilo. Ndani yake kuna sukari ya asili kama gramu 20, na nyuzinyuzi karibu kiasi hicho hicho. Ni matunda machache yenye nyuzinyuzi nyingi kiasi hicho, na sehemu kubwa iko kwenye mbegu. Sasa tazama tunachofanya: tunatia kwenye blenda, tunazungusha kidogo, tunamimina kwenye chujio, tunakamua kwa kijiko, kisha mbegu zinakwenda kwa kuku. Juisi inabaki chachu, kwa hiyo tunaweka sukari vijiko vinane vya chakula, yaani kama gramu 100. Gawa glasi nne: kila glasi ina gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko saba vya chai, na nyuzinyuzi hakuna za kutaja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana chini ya 25. Hesabu hiyo inajumuisha sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda, hata kama hujaongeza yako.

Shangazi yangu alipoona hizo namba akasema, "Basi nitakunywa ya machungwa, haitiwi sukari." Ni nafuu, lakini si sana. Chungwa moja la wastani lina sukari kama gramu 12 na nyuzinyuzi gramu 3. Glasi moja inakula machungwa matatu hivi, ambayo ukipewa uyamenye na kuyatafuna, la pili tu linakutosha. Kwenye glasi unapata sukari zaidi ya gramu 20, zile nyuzi zimebaki kwenye makapi, na umemaliza kabla hujakaa vizuri.

Na huo mwendo wa kumaliza una uzito wake. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu kumi matufaa kwa namna tatu: mazima, yaliyosagwa, na juisi, wakihakikisha wanga ni ule ule. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa zote. Tofauti ilikuja baadaye: baada ya juisi iliporomoka kupita kiasi, baada ya yaliyosagwa kidogo, na baada ya matufaa mazima haikuporomoka. Shibe nayo ilifuata mpangilio huo huo, tunda zima likiongoza.

Hapo ndipo smuthi inapokaa, katikati. Blenda haiondoi nyuzinyuzi, inazikatakata tu. Anayeziondoa ni mtu mwenye chujio. Lakini imekutafunia kazi yote, kwa hiyo unakunywa haraka na unaweza kuingiza ndizi tatu, embe na papai kwenye kikombe kimoja bila kushtuka. Ndiyo maana mimi huhesabu matunda kabla hayajaingia kwenye jagi la blenda.

Ya kwangu ni hivi: ndizi mbivu moja ya Tukuyu, nusu parachichi, maji au mtindi usio na sukari. Saga mpaka ilainike, zima mashine, ndipo ukoroge pasheni mbili au tatu kwa kijiko na mbegu zake. Ukizisaga mbegu kinywaji kinakuwa na mchangamchanga mdomoni, na utajikuta umerudi kwenye chujio. Kikombe hicho kina sukari ya asili kama gramu 20, karibu sawa na glasi ya machungwa, ila nyuzinyuzi zinafika gramu 13 hivi, na mafuta ya parachichi yanachelewesha tumbo kumwaga. Kinywe kama mlo wa asubuhi. Ukikinywa juu ya chapati mbili, umeongeza tu.

Wauza juisi wengi hapa mjini huweka sukari au maji ya sukari kwenye blenda bila kuuliza. Sema "usiweke sukari, usichuje" kabla hajawasha, maana akishawasha imekwisha.

Kuna wakati mmoja tu juisi inalishinda tunda. Mtu anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya ile juisi ya pasheni yenye sukari. Ni kama gramu 15, na hakuna cha kuichelewesha. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Smuthi ya parachichi hapo haifai, inachelewa mno. Akishindwa kumeza, usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.